Bei ya Mbwa

Mama yangu aliuza supu ya utumbo Vingunguti kwa miaka mingi, na alikuwa na bei mbili. Supu ilikuwa moja, sufuria moja, upawa mmoja. Mbeba mizigo akija na jasho lake akauliza, "Mama, supu shilingi ngapi?" kabla hata hajakaa, alitajiwa bei ya chini na kumiminiwa kwenye bakuli la plastiki. Akija mtu aliyechomekea shati, simu mkononi, akavuta kiti bila kuuliza chochote, alipewa bakuli la kioo, ndimu iliyokwishakatwa na karatasi laini ya kufutia mikono. Bei yake nayo ilikuwa nyingine.

"Anayeuliza bei anaweza kuondoka," mama aliniambia. "Asiyeuliza ameshakaa."

Nilicheka sana. Wakati huo nilikuwa chuo, nasoma biashara, na mwalimu alikuwa ametufundisha jambo hilohilo kwa kujaza ubao mzima. Muuzaji akiweza kuwatofautisha wateja wake, na akiweza kumzuia mwenye bei ndogo asimuuzie mwenye bei kubwa, basi kila mmoja atamtoza kadiri anavyoona atavumilia. Kubagua bei, ndivyo alivyoita. Kwenye mtihani nilipata alama nzuri. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kilichotupata kilitupata kwa sababu hatukujua. Tulijua vizuri tu.

Sisi ni watu wa bara. Mama alikuja Dar akimfuata baba, baba akafariki, na tukabaki na chumba cha kupanga na kile kibanda cha supu. Kibanda chenyewe kilikuwa nguzo nne, mabati yenye kutu, mabenchi mawili na jiko la mkaa. Kilinisomesha, kilitulisha, kililipa kodi ya chumba. Mama alikuwa akisema, "Hiki kikifa, na sisi tumekufa," nami nilikasirika kila aliposema hivyo.

Utumbo alinunua kwa mzee mmoja mwenye meza kwenye uchochoro wa nyuma ya machinjio, walipojipanga wauza matumbo, vichwa na kwato. Mtu wa Pwani, mpole, sauti ya chini, Ijumaa kanzu nyeupe ambayo sijui aliiwekaje safi mahali kama pale. Mama alimwita mzee ingawa hawakupishana sana umri, na yeye alimwita mama supu. Mama alikuwa mteja wake, na neno hilo lilikuwa na uzito wake pale. Kila meza ilikuwa na watu wake. Ukienda meza ya jirani kuulizia bei, mwenye meza anakutazama na kusema, "Si wewe ni wa meza ile?" kisha anakutajia bei ya juu kuliko uliyoikimbia. Walikuwa wamesikilizana hivyo bila mkutano wala karatasi. Wao waliita heshima. Mimi niliona ni kamba shingoni mwa mama, na mpaka leo naona hivyo.

Bei ya utumbo ikawa inapanda kidogo kidogo. Bei ya supu haikuweza kupanda, maana wateja wa mama walikuwa watu wa kuuliza kabla ya kukaa, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwanamke wa chai na mihogo. Wale wa kuchomekea walikuwa wachache, hawakutosha kuubeba mzigo wa wengine. Basi mama akaanza kukata vipande vidogo. Kisha vidogo zaidi. Wateja walianza kumtania kwamba supu yake inabidi uitafute nyama kwa tochi, na mama alicheka nao, halafu akirudi nyumbani anakaa kwenye kitanda na viatu miguuni.

Alfajiri moja nikamsindikiza mezani. Tulimkuta jirani yetu, kijana aliyepanga chumba cha tatu kutoka chetu. Alikuwa askari wa kampuni ya ulinzi huko Mikocheni, kazi yake kutunza mbwa wa lindo, na kila asubuhi alikuja na guta la matairi matatu kuchukua utumbo wa mbwa wake. Mzee akampimia. Alichota kwenye lundo lilelile alilomchotea mama, kwa mikono ileile, kwenye mizani ileile. Taulo ileile, lile tumbo jeupe lililokunjamana kama taulo la kuogea, na kitabu kilekile, lile lenye kurasa kurasa. Kisha akamtajia bei, na bei ile ilikuwa karibu nusu ya bei yetu.

Damu ilinipanda kichwani. Mama alinishika mkono, akauliza yeye mwenyewe kwa adabu.

"Mzee wangu, mbona mwenzangu umempa kwa hiyo bei?"

"Ule ni wa mbwa, mama supu."

"Kwani wa mbwa ni mwingine?"

"Ni huuhuu. Ila yeye anachukua mzigo. Napima mara moja, jua halijachomoza nimeshamaliza biashara."

Hilo lilikuwa na maana. Anayebeba gunia humpunguzia muuzaji kazi na hasara, anapunguziwa bei, hakuna wa kulaumu. Mama alilielewa na akalifanyia kazi. Aliwatafuta wanawake wengine wawili wa supu, wote wateja wa meza ileile, wakaunganisha mahitaji yao mpaka yakalingana na mzigo wa guta la mbwa. Wakaenda pamoja siku ya kwanza wakiwa wamejifunga kanga kama watu wa harusini, mama ndiye msemaji. Mzee akapima mzigo wote mara moja. Kisha akapunguza kidogo, kiasi cha hela ya sukari. Bei ya mbwa hakuifikia hata kwa mbali.

"Mzee, mzigo si ni uleule?" mama akauliza.

Yule mzee hakukasirika. Nadhani ningemsamehe kama angekasirika. Alifuta kisu kwenye gunia, akaanza kueleza taratibu kama anamweleza mtoto wake.

"Mama supu, nikwambie kweli. Wale mbwa wana ugali na dagaa. Wana vichwa vya kuku. Nikipandisha kidogo tu, bosi wao anahamia vichwa vya kuku, na mie nabaki na mzigo unanuka hapa. Sasa nyie mkikosa utumbo mtapika nini? Supu ya vichwa vya kuku nani atakunywa?" Akacheka kidogo, bila ubaya. "Sikuonei. Ungekuwa na pa kwenda, na wewe ningekubembeleza."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa na maneno yote ya chuoni, na yote yalikuwa yanamuunga mkono yeye. Tulirudi kibandani kila mmoja na ndoo yake, wale wanawake wawili wakimlaumu mama chinichini kwa kuwapotezea muda.

Siku ile niliikumbuka sare yangu ya shule. Nilisoma sekondari kwa nauli ya mwanafunzi kama watoto wote wa mji huu, na kilichonipa nauli ile kilikuwa shati jeupe na sketi ya bluu. Konda hakuniuliza kwetu kuna nini. Aliitazama sketi. Jumamosi tukitumwa kwa shangazi Temeke tulivaa sare makusudi, tukakaa na daftari mapajani, na konda mjanja alituuliza, "Leo shule gani imefunguliwa?" akadai nauli ya mtu mzima. Niliwaza kwamba shida ya mama ni sare tu. Mbwa wana sare yao na yeye hana. Niliwaza hivyo kwa uchungu, sikujua kwamba nabashiri.

Aliyeleta mpango ni jirani. Alituonea huruma, na halafu alikuwa mtu wa kupenda supu ya mama. Alikuja jioni moja, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

"Hapana, sikai. Mama, mie naweza kukuongezea ndoo moja kwenye mzigo wangu. Napitia hapa hapa, nakushushia, unanipa ile ile bei niliyonunulia. Mzee hajui ninao mbwa wangapi."

Mama alifikiri usiku kucha, maana alikuwa mlokole na aliona kuna uongo mahali fulani, ila hakuweza kuuona uko wapi. Ng'ombe ni yuleyule. Hela inalipwa. Asubuhi akamwambia alete.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na siwezi kuikumbuka bila kujisikia vibaya. Vipande vya nyama vilirudi ukubwa wake. Wabeba mizigo waliacha utani wa tochi. Mama akanunua sufuria kubwa, akabadilisha bati mbili, akawa anaongea habari za kuongeza benchi la tatu. Nilikuwa nimemaliza chuo na sijapata kazi, kwa hiyo nilishinda pale nikiosha mabakuli, na kwa mara ya kwanza nilimsikia mama akiimba pambio huku akikatakata. Kwa mzee alipita mara mojamoja akanunua kilo moja ya kuzugia, akamwambia kwamba biashara ni mbaya, watu hawana hela. Mzee alimpa pole.

Na hiyo pole ndiyo iliyotumaliza.

Maana yule mzee alikuwa muungwana kweli. Asubuhi moja akaacha meza yake kwa mwenzake, akavuka barabara, akaja kibandani kwetu. Hakuwahi kuja hata siku moja. Alikuja kumuunga mkono mama supu ambaye mambo yake yamekuwa mabaya. Alikuta mabenchi yamejaa mpaka watu wengine wanakula wamesimama.

Mama alimwona na uso ukambadilika. Lakini kwetu bara mgeni akishafika amefika. Mtu uliyenunua kwake miaka yote, aliyekupa pole, amekuja mlangoni kwako na tumbo lake, hutampa mchuzi na mifupa. Mimi nilimkonyeza ampe supu tupu, amwambie nyama imekwisha. Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Mama akamfutia kiti, akachukua bakuli la kioo, akazamisha upawa mpaka chini ya sufuria, akampa kipande kikubwa kuliko vyote, taulo nzima haijakatwa, kwa heshima.

Kule mezani mzee alikuwa na namna yake ya kupasua taulo. Kila mwenye meza alikuwa na mkono wake. Yeye alikata mshazari, akaacha pembe ndefu kama ncha ya kanga, kwa sababu alitundika mzigo wa mbwa kwenye ndoano kwa pembe ile ukisubiri guta. Utumbo wa akina mama hakuutundika, aliukata vipande mezani. Ile pembe sasa ilikuwa inaelea kwenye bakuli lake, na tundu la ndoano juu yake.

Akaitazama. Kisha akakamulia ndimu, akala yote mpaka akamaliza, taratibu. Watu walikuwa wanaongea habari za mpira. Mama alisimama karibu yake na kitambaa mkononi, hakuna alichokuwa anafuta.

"Imeiva, mama supu," akasema alipomaliza. "Mungu akubariki." Hakuuliza bei. Aliweka noti mezani na akaondoka bila kusubiri chenji.

Mama akaniambia labda hakuona. Nikamwambia labda. Sote wawili tulikuwa tumeona tundu.

Kesho yake jirani alishusha ndoo, hakutaka kututazama usoni. Nilipofungua kifuniko nilidhani macho yangu yana kasoro. Utumbo ulikuwa wa kijani. Kijani kibichi cha keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto.

"Mzee kaweka rangi," jirani alisema. "Kasema kuanzia leo wote wa mbwa ni wa hivi. Ni rangi ya chakula tu, ile ya dukani, mbwa haiwadhuru. Bei haijabadilika. Hata hajanigombeza, mama. Kaniuliza tu, 'Mbwa wako si hawajali rangi?' Nikasema hawajali."

Nilikaa chini kwenye benchi. Kwa rangi ya hela ndogo yule mzee alikuwa amefanya kile ambacho mwalimu wangu alituandikia ubaoni. Hakumnyima mtu, hakupandisha bei, hakumwita mama mwizi. Aliuvalisha utumbo sare. Mwenye kulisha mbwa hakupoteza kitu, na asiyelisha mbwa hakuwa na la kuufanyia.

Mama alikataa kuelewa. Aliuosha ule utumbo kwa chumvi. Akauosha kwa ndimu. Akausugua kwa majivu kama anavyosugua masufuria, akauchemsha akamwaga maji, akauchemsha tena akamwaga. Vidole vyake viligeuka kijani mpaka kwenye kucha. Nilimwambia, "Mama, acha, tununue mwingine," akaniambia ndoo imeshalipiwa na wateja wako njiani. Alitia tangawizi nyingi, akatia manjano ili rangi ipotee, na mchanganyiko ule ukawa rangi ambayo siwezi kuisema bila kuharibu hamu ya msomaji ya kula.

Wa kwanza kukaa alikuwa mbeba mizigo mmoja mzee, mteja wetu tangu baba yu hai. Mama akamwekea bakuli. Akalitazama.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni rangi tu, baba. Haina neno. Nyama ni ileile."

Alilisogeza bakuli nyuma kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga. "Basi nipatie chai," akasema. Mama hakuwa anauza chai. Yule mbeba mizigo akainuka, akaomba radhi, akavuka barabara kwenda kwenye mihogo. Benchi zima likamfuata.

Uchochoro una midomo. Kabla ya adhuhuri kila mtu kuanzia wachinjaji mpaka bodaboda alishajua utumbo wa kijani ni wa nani na unaliwa na nini. Kibanda chetu wakakiita "kwa supu ya mbwa." Mama alirudi kwa mzee akanunua kwa bei ya binadamu, mweupe kabisa, akauanika mbele ya kibanda watu wauone. Mzee alimuuzia kama zamani, bei ileile, adabu ileile, mama supu kama kawaida. Hakumlipiza kisasi chochote. Lakini hakuna aliyekaa. Wale wa kuchomekea walipita moja kwa moja, na wa kuuliza kabla ya kukaa walibweka kwa mbali wakicheka, na wengine wao nilikuwa nimewaoshea bakuli kwa mikono yangu. Nawachukia mpaka leo. Sijui nimchukie nani mwingine, maana kila nikimgeukia yule mzee nakuta hakufanya lolote ambalo mama yangu hakulifanya kwa bakuli la kioo na kipande cha ndimu.

Kibanda tulikiachia mwanamke mmoja akaweka chipsi. Sufuria kubwa tuliirudisha nyumbani, ikakaa chini ya kitanda.

Mimi nilipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tajiri wangu amenifundisha nisitaje bei ya saruji mpaka niwe nimetazama viatu vya mteja. Fundi anayerudi kila wiki ana bei yake, mwenye nyumba aliyekuja na gari ana bei yake, na mama mwenye kutaka nusu mfuko wa kuziba ufa anatozwa kwa kilo bei ambayo fundi angecheka akiisikia. Naitaja bila kupepesa macho. Napokea mshahara.

Mama amezeeka haraka. Jirani, ambaye nadhani hajawahi kujisamehe, alimwombea kazi kwenye kampuni yao, na wakampokea. Anapika. Sufuria yetu kubwa iko Mikocheni sasa, kwenye banda la nyuma, karibu na vizimba. Nilikwenda kumtembelea mara moja nikamkuta anakoroga kwa mwiko ule wa zamani, mbwa wamekaa wanamtazama kwa adabu ambayo wateja wake hawakuwa nayo. Alichota kidogo, akapeleka mdomoni kuonja chumvi kama alivyozoea, akakumbuka, akamwaga chini. Tukajifanya kwamba mimi sikuona.

Alfajiri ni yeye anayekwenda na guta mezani siku hizi, maana jirani amehamishiwa lindo lingine. Mzee humsalimia vizuri, humwuliza habari zangu. Hamwiti tena mama supu. Humpimia kutoka lundo lilelile na humtajia bei ileile aliyokwenda kuiomba na wenzake wakiwa wamejifunga kanga. Kisha anafungua kipakiti cha rangi, ananyunyiza, na kwa kuwa mikono ya mzee inasumbuliwa na baridi yabisi siku hizi, mama anamsaidia kuchanganya.